Maji, kauli au spana: kidokezo kipi kibebe mswada wa upelelezi wa dakika 12?

Kisa ni kimoja, nimekiandika mara tatu. Kikoba cha akina mama huko Ngamiani, Tanga. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, Bi Rehema. Siku ya mgawo wanakutana, kila mwenye ufunguo anafungua kufuli yake, mfuniko unainuliwa, ndani hamna kitu. Kufuli hazijavunjwa wala kukwaruzwa.

Aliyeiba ni Hamisi, kijana anayeishi kwa Bi Rehema, mtoto wa dada yake. Kufuli hakuzigusa. Alilivuta sanduku kutoka ukutani, akafungua nati za bawaba kwa nyuma, akachukua fedha, akarudisha nati. Anayemkamata ni Fundi Shekue, fundi baiskeli wa jirani. Sajini Maganga, mwenyeji wa Tabora aliyehamishiwa Tanga karibuni, ndiye mpelelezi rasmi, na ndiye anayekosea.

Mwizi ni yuleyule katika rasimu zote tatu, na njia aliyotumia ni ileile. Kilichobadilika ni kidokezo kinachomfichua. Mara ya kwanza alifichuliwa na maji ya bahari, mara ya pili na maneno mawili yaliyopinduliwa, mara ya tatu na spana namba 13. Nawawekea zote tatu hapa, kwa sababu najua wapo wanaoandika kisa cha namba hii sasa hivi na hawajaamua wakitundike kwenye msumari gani.

Nazipima kwa maswali mawili. Je, mtazamaji alikiona au alikisikia kidokezo kabla ya fumbuo? Na alipokiona, alikipa maana nyingine iliyomtosha asiendelee kukifikiria? Jibu la kwanza likiwa hapana, umemdanganya. La pili likiwa hapana, amemjua mwizi dakika ya tano na zilizobaki anakuvumilia tu.

Maji

Nilianza na bahari kwa sababu niko Tanga na bahari ni bure. Wizi ulitokea saa nne usiku, mwezi mpevu. Hamisi anasema saa hiyo alikuwa Sahare:

HAMISI: Saa nne ile ndiyo kwanza naingia, Sajini. Nimeileta mashua mpaka ukutani, nikashuka. Hata suruali haikulowa.

Mtu wa pwani akisikia hivyo, sikio linamcheza. Mwezi mpevu ni bamvua, na bamvua kwenye pwani yetu maji hukupwa mwendo wa saa nne asubuhi na tena saa nne, saa nne u nusu usiku. Maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Saa hiyo ukuta unatazamana na tope tupu, na mashua yoyote iliyo karibu imepwelewa, imelala ubavu. Hamisi hakushuka ukutani. Kama angekuwa Sahare kweli, angetembea kwenye matope na suruali ingelowa hadi magotini.

Kidokezo nilikipanda kwenye sini ya pili, kabla ya wizi, asubuhi ya siku hiyohiyo. Bi Rehema anamtafuta mwanachama anayedaiwa marejesho. Anaambiwa yuko pwani. Kamera inamkuta mbali kabisa kwenye fungu, ameinama na ndoo, anaokota chaza, na Bi Rehema anapiga kelele kutoka ukutani kumdai. Nyuma yao saa ya msikitini inaonyesha saa nne. Mtazamaji anacheka deni linalodaiwa kwa kupaza sauti mbele ya watu, na bahari anaiona kama mandhari. Kumbe ameshaonyeshwa jibu: maji yaliyotoka saa nne asubuhi yatajaa, kisha yatatoka tena baada ya saa 12 na dakika kama 25.

Kwenye karatasi inapendeza. Nilipoisoma kwa watu, ikagawanyika vipande viwili. Wasomaji wa Tanga walimjua Hamisi pale tu alipotaja suruali. Mmoja alisema, "Huyu muongo, endelea." Wasomaji wa bara, hata baada ya Fundi Shekue kueleza, walibaki wananiangalia. Fundi alihitaji karibu ukurasa mzima kufundisha kupwa na kujaa, na fumbuo likageuka darasa la jiografia. Nilijaribu kuhamishia somo hilo mbele, mtoto anamuuliza babu yake kuhusu mwezi na maji, lakini mtoto anayeuliza swali la elimu katika filamu ya upelelezi ni sawa na kubandika bango. Kila mtu alijua atarudi.

Halafu kuna kupiga picha kwenyewe. Bamvua haiji kwa ratiba ya prodyuza. Ukiikosa siku yako kwa sababu msanii mmoja amechelewa basi la kutoka Muheza, unasubiri takriban wiki mbili bamvua nyingine ije. Na kama umepiga nusu ya sini saa nne na nusu nyingine saa saba, maji yamekwisha kurudi. Fungu lililokuwa jeupe sasa ni bahari, na picha haziungani.

Kauli

Rasimu ya pili ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyoniaibisha kwanza.

Watu wa pwani tunahesabu siku kuanzia magharibi. Jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeingia. Kwa hiyo mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kuzama. "Ijumaa usiku" ni kitu kingine, ni siku inayofuata. Maneno mawili ni yaleyale. Ukiyageuza mpangilio unapoteza saa 24.

Nikajenga hivi. Bi Rehema anamweleza Sajini kuwa sanduku lilisogezwa usiku wa Ijumaa, alisikia chuma kikiburuzwa akadhani ni paka kwenye masufuria. Sajini anawauliza watuhumiwa wote: "Usiku wa Ijumaa ulikuwa wapi?" Wote wanaeleza ya Ijumaa baada ya isha. Hamisi peke yake anaeleza ya Alhamisi, kwa kuwa usiku anaoujua yeye ni ule aliofanya kazi. Fundi anagundua kuwa mtu mmoja tu alijibu swali ambalo Sajini hakukusudia kuuliza.

Nilimsomea mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Pangani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, hata mimi ningejibu ya Alhamisi. Sasa nami ni mwizi?" Ikawa imekwisha. Kidokezo kilikuwa na maelezo mengine yasiyo na hatia, na maelezo hayo yalikuwa ya kawaida kuliko yangu. Hamisi ni mtoto wa pwani. Kusikia "usiku wa Ijumaa" akaelewa Alhamisi ni haki yake. Waliopaswa kushangaza ni wale wengine.

Dawa ilikuwa kugeuza maneno mawili, lakini mahali sahihi. Bi Rehema aseme "usiku wa Ijumaa", Sajini aandike kwenye daftari lake kwa namna anavyoelewa yeye, kisha aulize:

NDANI. KIBARAZA CHA BI REHEMA – ASUBUHI

SAJINI MAGANGA: Nataka kujua jambo moja tu. Ijumaa usiku, mtu ameshasali, ameshakula. Ulikuwa wapi?

BI ZUHURA: Nilikuwa kwa binti yangu Chumbageni, mjukuu ana homa.

MAMA ESTER: Kwaya, baba. Mazoezi mpaka saa tatu.

HAMISI: Nilikuwa kwa Fundi tunatazama mpira. Umeme ulipokatika nikalala hukohuko.

Sasa swali halina utata. Mzee wa Pangani, kijana wa Tabora, yeyote yule akiulizwa "Ijumaa usiku" ataeleza Ijumaa usiku. Umeme ulikatika Alhamisi. Hamisi amechanganya kwa sababu kichwani mwake usiku wa wizi ni mmoja, ameutayarishia maelezo, na hakusikiliza swali sawasawa. Tena amesema uongo wenye ukweli nusu: mpira alianza kuutazama kwa Fundi, umeme ulipokatika ndipo alipoondoka gizani.

Mtazamaji anajuaje umeme ulikatika Alhamisi? Kwenye sini ya tatu Fundi Shekue anaziba pancha kwa mwanga wa kibatari, analalamika, na kumfukuza mteja wa mwisho: "Kesho Ijumaa sifungui mpaka watu watoke msikitini, usije ukanigongea mlango." Hakuna anayetaja Alhamisi.

Na kanuni ya usiku na mchana? Hapo sikumfundisha mtu chochote. Wiki moja kabla ya wizi, Bi Rehema anamwalika Sajini kwenye maulidi, usiku wa Ijumaa. Sajini anafika kapiga pasi, kanzu ya kuazima, Ijumaa saa mbili usiku. Mikeka imekunjwa. Bi Rehema anamtazama: "Karibu, baba. Umechelewa, ila chai ipo." Sajini anaangalia saa yake, haelewi. Watu wanacheka mgeni aliyekosa pilau, wanasonga mbele. Sini hii inafanya kazi tatu kwa pamoja: inamtambulisha Sajini, inachekesha, na inaficha ufunguo wa kisa mahali ambapo kila mtu amekwisha kupokea maelezo kuwa mgeni kachelewa. Bi Rehema ni mstaarabu, hawezi kumwambia mgeni amekosea siku, na adabu hiyo ndiyo inayoficha kidokezo.

Fumbuo linakuwa fupi mno:

FUNDI SHEKUE: Sajini, maulidi ulialikwa lini?

SAJINI MAGANGA: Usiku wa Ijumaa.

FUNDI SHEKUE: Ukaja lini?

(Sajini anafungua mdomo. Anaufunga. Anageuka kumtazama Hamisi.)

Hakuna somo wala bango. Msomaji wa Dodoma ambaye hajawahi kusikia habari ya siku kuanza magharibi anaelewa papo hapo, kwa sababu amekwisha kuona mikeka iliyokunjwa.

Ubovu wake upo. Vijana wengi mjini siku hizi wanasema "usiku wa Ijumaa" na "Ijumaa usiku" bila kutofautisha, kwa hiyo ni lazima Bi Rehema awe mtu mzima na aongee kama mtu mzima tangu mwanzo, na asiliseme neno hili tu kizee. Ubovu wa pili ni wasanii. Msanii akibadilisha maneno kidogo tu, kama tulivyozoea kupeana mwongozo wa sini na kuachiwa tujaze wenyewe, kisa kizima kinaanguka. Mistari miwili hii lazima isemwe ilivyoandikwa. Nilimwona msanii mmoja, mzuri sana, katika usomaji wa meza akisema "ile Ijumaa usiku" kwa niaba ya Bi Rehema. Hakuna aliyegundua isipokuwa mimi niliyeshika kichwa.

Spana

Hii ni fupi kueleza kwa sababu ni ya macho. Hamisi anaazima spana 13 kwa Fundi: kiti cha baiskeli yake kinacheza. Kesho yake anairudisha: "Ahsante Fundi, sasa kimetulia." Baada ya wizi kugunduliwa, Hamisi anampakia Bi Rehema kwenda kituo cha polisi, na kila shimo kiti kinainama mbele na kulia *nyii*. Bi Rehema anamng'ang'ania mgongoni, watu barabarani wanacheka. Tanga baiskeli ni nyingi. Hakuna atakayeshangaa kuona baiskeli mbovu.

Fundi ndiye anayesikia ule mlio. Spana iliazimwa, kiti hakikukazwa, na mwenyewe alisema kimekazwa. Anaomba sanduku ligeuzwe. Upepo wa chumvi umelila chuma lote, bawaba nzima ni kutu, lakini nati nne zina pembe zinazong'aa pale spana ilipouma.

Mshangao unatoka kwenye zile kufuli tatu. Kwa kurasa sita Sajini anapanga funguo tatu mezani na kuwapambanisha akina mama watatu, na mtazamaji anapambana nao, nani kamwibia nani ufunguo. Hakuna aliyewaza nyuma ya sanduku. Ila hapa usipoangalia utakuwa umedanganya: nyuma ya sanduku ni lazima ionekane kabla ya wizi. Mimi niliwafanya akina mama wawili walibebe kutoka chumbani, mgongo wa sanduku ukiitazama kamera, bawaba na nati zake zote wazi, huku wakigombana kuhusu nani alichelewa kulipa faini. Watu husikiliza faini.

Udhaifu wa spana ni kwamba chuma hakina jina. Inathibitisha namna, haithibitishi mtu. Wakili mwerevu angesema spana ilikaa nyumbani usiku mzima, yeyote angeitumia. Kinachomfunga Hamisi ni uongo wa "kimetulia", basi mstari huo usiachwe kwa bahati. Usemwe uso ukionekana.

Wapi pa kupanda

Hili ni sawa kwa zote tatu. Katika mswada wangu wa kurasa 12 wizi unagunduliwa mwisho wa ukurasa wa 4. Kabla ya hapo mtazamaji hajui kuwa kuna fumbo, anakula kila kitu bila kutafuna. Baada ya hapo anachunguza hata kikombe. Kwa hiyo kidokezo kikubwa kikae ukurasa wa 1 hadi wa 3: fungu la chaza, mikeka iliyokunjwa, spana. Cha pili, chepesi, kiguswe tena kati ya ukurasa wa 6 na wa 8: suruali kavu, umeme uliokatika, kiti kinacholia. Nilipoviweka vyote baada ya wizi, wasomaji watano kati ya watano walimtaja Hamisi. Nilipovirudisha mbele, bila kubadilisha neno, mmoja tu alimpata.

Mtihani wenyewe ni rahisi: toa kurasa mbili za mwisho, wape watu, waandike jina na sababu. Kisha wape kurasa zilizobaki na uangalie mikono, usisikilize midomo. Mtu akimaliza na kurudi nyuma mwenyewe kutafuta ukurasa wa maulidi, kidokezo kimeshika. Akikuuliza "hiyo ilisemwa wapi?", kimezama mno. Akisema "nilijua" lakini sababu aliyoandika siyo yako, amebahatisha kwa vile Hamisi ni kijana asiye na kazi. Hapo mpe mtuhumiwa mwingine anayefanana naye.

Chaguo langu

Kama ni mchezo wa redio, chukua kauli, wala usifikirie mara mbili. Redio haina nyuma ya sanduku wala bahari, ina masikio tu, na kidokezo cha maneno mawili kimezaliwa humo. Kama ni filamu na una wasanii wanaojaza maneno yao, chukua spana; kiti kitalia hata msanii akisahau mistari yote. Maji nayaacha kwa mwandishi mwenye mashua yake, mwenye subira, na anayewaandikia watu wa pwani peke yao. Hao nao watamjua mwizi mapema, kwa hiyo awafiche mtu na si namna.

Usizichanganye zote tatu. Nilijaribu. Fundi akawa anahesabu makosa ya Hamisi vidole hadi vidole, na Hamisi akaonekana mjinga kiasi kwamba watu walimhurumia. Ninazoweza kuunganisha ni mbili: kauli ndiyo inayomtaja mtu, spana inaeleza namna, na nati zinazong'aa zinakuja sekunde chache baada ya Sajini kugeuka.

Hivyo ndivyo tulivyopiga picha. Kauli ilitoka safi mara ya kwanza. Kiti cha baiskeli kilituchukua mchana mzima, kwa sababu kila kilipolia bajaji ilipita.